Faida Inayoliwa Njiani: Hesabu za Anayevuna Gama

Tarehe 26 Aprili 1973 soko la opsheni la Chicago, CBOE, lilifungua milango yake. Mwaka huohuo Fischer Black na Myron Scholes walichapisha makala iliyoonyesha jinsi bei ya opsheni inavyoweza kukokotolewa, na Robert Merton akaipanua hoja yao. Kiini chake kilikuwa hiki: mwenye opsheni anaweza kujiondolea hatari ya bei kupanda au kushuka, mradi awe tayari kununua na kuuza hisa yenyewe kila bei inapojongea. Lakini hesabu yao ilisimama juu ya sharti kwamba kununua na kuuza hakugharimu hata senti, na kwamba mtu anaweza kufanya hivyo mfululizo bila kupumzika. Katika soko halisi kila muamala una gharama yake, na wafanyabiashara wengi wenye uzoefu, wanaoijua hesabu ya opsheni vizuri kabisa, hupoteza faida yao papo hapo penye sharti hilo.

Tuanze na opsheni yenyewe. Opsheni ya kununua ni mkataba unaompa mwenye nao haki ya kununua hisa kwa bei iliyokwisha kupangwa, hadi tarehe fulani. Halazimiki kununua. Hisa ikipanda juu ya bei ya mkataba kwa zaidi ya ada aliyolipa, anapata faida. Ikishuka, anapoteza ada aliyolipa na si zaidi. Marekani mkataba mmoja wa opsheni ya hisa kwa kawaida hubeba hisa 100.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate hadi mwisho. Hisa inauzwa dola 100. Mfanyabiashara wetu ananunua mikataba 10 ya opsheni za kununua, yaani haki juu ya hisa 1,000, kwa bei ya mkataba ya dola 100, zikiwa zimebakiwa na siku 21 za soko. Bei ya opsheni hizo ni karibu dola 3.69 kwa hisa. Ili hesabu isitusumbue, tuseme riba ni sifuri na hisa hailipi gawio.

Hisa ikipanda kwa dola moja, opsheni haipandi kwa dola nzima. Hupanda kwa kama senti 52. Kiwango hicho ndicho delta. Kwa hisa 1,000 delta ya mfanyabiashara ni kama hisa 518: leo anafaidika au kuumia kana kwamba anamiliki hisa 518. Yeye hataki kubashiri mwelekeo, kwa hiyo anaazima hisa 518 na kuziuza. Sasa bei ikijongea kidogo juu au chini, anachopata upande mmoja anakipoteza upande wa pili. Delta yake ni sifuri.

Ila haibaki sifuri. Hisa ikipanda, opsheni huzidi kufanana na hisa kamili na delta yake hukua. Ikishuka, delta hupungua. Kasi ya mabadiliko hayo ndiyo gama. Katika mfano wetu gama ni kama hisa 43 kwa kila dola. Hapo ndipo penye mavuno. Hisa ikienda dola 102, delta inakuwa kama 604, na mfanyabiashara anauza hisa nyingine 86 ili arudi sifuri. Hisa ikirudi dola 100, delta inarudi 518, naye anazinunua tena zile 86. Ameuza kwa 102, amenunua kwa 100, na mkononi ana dola 172. Hakubashiri chochote, ameuza bei ilipopanda na kununua iliposhuka kwa sababu delta ilimlazimisha.

Nani anazilipa dola hizo 172? Anajilipa mwenyewe, kwa ada ya opsheni. Kila siku inayopita opsheni hupoteza sehemu ya thamani yake kwa sababu muda unayoyoma, na hasara hiyo huitwa theta. Ni kama kodi ya nyumba: unalala humo au hulali, inadaiwa. Kwa mikataba yetu 10 theta ni kama dola 86 kwa siku. Upande wa pili, faida ya gama kwa msogeo mmoja wa bei hukadiriwa hivi:

```
0.5 × Γ × (ΔS)²
```

Γ ni gama na ΔS ni msogeo wa bei. Weka 43 na dola 2, utapata 86. Kwa hiyo bei ikisogea dola 2 kwa siku, mavuno yanalingana na kodi. Kama ile safari ya kwenda 102 na kurudi 100 ilichukua siku mbili, dola zote 172 zimekwenda kulipia theta na mfanyabiashara ametoka mikono mitupu. Kama ilifanyika ndani ya siku moja, amebaki na 86.

Dola 2 kwenye hisa ya dola 100 ni asilimia 2 kwa siku. Wafanyabiashara huupima mtikisiko wa bei kwa mwaka, na kwa kuwa mwaka una siku za soko kama 252, ambazo kipeo chake cha pili ni karibu 16, asilimia 2 kwa siku ni sawa na asilimia 32 kwa mwaka. Ndiyo maana husemwa kwamba opsheni hizi zimenunuliwa kwa mtikisiko wa 32. Anayevuna gama hupata faida pale tu hisa inapotikisika kuliko kiwango alicholipia.

Naomba msomaji asiipite sentensi hiyo haraka, maana wengi hudhani faida inatokana na wingi wa kununua na kuuza. Haitokani na hapo. Faida huamuliwa na tofauti kati ya mtikisiko ulionunuliwa na mtikisiko utakaotokea. Bei zikienda bila mtindo maalumu, kukinga mara moja kwa siku na kukinga kila dakika 20 kunaleta wastani uleule wa faida kabla ya gharama. Kukinga mara nyingi zaidi kunapunguza kitu kingine, yaani bahati nasibu ya matokeo.

Sasa tumpe mfanyabiashara wetu sababu ya kuingia sokoni. Anaamini, kwa utafiti wake, kwamba mwezi huu hisa itatikisika kwa 35 na si 32. Kila pointi moja ya mtikisiko, kwa mikataba yake 10, ina thamani ya kama dola 115. Pointi tatu ni dola 345. Hiyo ndiyo nafasi yake yote, na ndiyo mfuko utakaolipa kila gharama hadi siku ya mwisho. Mtu akishaiona namba hii mbele yake, mengi hubadilika. Ada aliyoweka ni dola 3,690, hisa alizouza ni za karibu dola 52,000, lakini faida anayoiwinda ni dola 345 tu, na hiyo ni kwa wastani.

Gharama ya kwanza ni pengo kati ya bei anayotoa mnunuzi na bei anayotaka muuzaji. Opsheni yenye bei ya katikati ya dola 3.69 inaweza kuwa 3.60 kwa anayeuza na 3.78 kwa anayenunua. Pengo hilo si kubwa kwa opsheni ya hisa moja. Akinunua kwa 3.78 amelipa senti 9 za ziada kwa kila hisa, yaani dola 90. Ada ya dalali ya senti 65 kwa mkataba inaongeza dola 6.50. Kuuza hisa 518 za mwanzo, kama pengo la hisa ni senti 4 naye anapoteza nusu yake, kunaongeza kama dola 10, na dola moja ya ada ya chini kabisa ya dalali. Jumla ni kama dola 108. Kabla bei haijasogea hata kidogo, karibu theluthi moja ya nafasi yake imekwisha. Kwa lugha ya mtikisiko, pointi tatu zimekuwa mbili na ushee.

Ndipo kazi ya kukinga inapoanza. Hisa yenye mtikisiko wa 35 husogea kwa wastani kama dola 1.76 kwa siku. Mara gama ya 43, hiyo ni kama hisa 76 za kununua au kuuza kila jioni. Kwa senti 2 kila hisa, pamoja na ile dola moja ya ada, kila kinga inagharimu kama dola 2.52. Kwa siku 21 ni dola 53. Tukitoa zote kwenye 345, anabaki na kama dola 184. Biashara bado iko hai.

Lakini mfanyabiashara wetu ana wasiwasi. Akikinga jioni tu, matokeo yake yanayumba vibaya. Mwaka 1999 Emanuel Derman na Michael Kamal waliandika juu ya jambo hili hasa, kwamba anayekinga mara chache hupata matokeo yanayotawanyika kuizunguka faida aliyoitarajia, na mtawanyiko huo hupungua kwa kipeo cha pili cha idadi ya kinga. Kwa mikataba yetu na kinga 21, mtawanyiko wa kawaida ni karibu dola 700. Linganisha na faida ya 184. Mwezi mmoja anaweza kupata dola 900, mwezi unaofuata akapoteza 500, ilhali hakuna kosa lolote alilofanya. Ni jambo la kuchosha roho, na ndilo linalowafanya watu waanze kukinga kila baada ya dakika 20.

Tufanye hesabu hiyo. Siku ya soko la Marekani ina dakika 390, kwa hiyo ni kinga kama 20 kwa siku na 420 kwa mwezi. Mtawanyiko unashuka hadi kama dola 160, jambo jema. Idadi ya hisa kwa kila kinga nayo inashuka, lakini haishuki mara 20. Inashuka mara nne na nusu hivi, kwa sababu msogeo wa bei hukua kwa kipeo cha pili cha muda. Kila kinga sasa ni hisa 17, ambazo pengo lake ni senti 34. Ada ya chini ya dalali imebaki dola moja ileile. Dola 1.34 mara 420 ni kama dola 563. Ukizitoa pamoja na gharama za mwanzo kwenye 345, unabaki na hasara ya dola 326 kwa wastani. Mfanyabiashara huyu hakukosea kuhusu mtikisiko. Alisema 35 na ikawa 35. Amepunguza wasiwasi hadi hasara yake ikawa karibu ya uhakika.

Na ada ya dola moja si mkosaji pekee. Hata ingeondolewa kabisa, kukinga mara nne zaidi kungeendelea kuongeza gharama ya pengo mara mbili, kisha mara mbili tena, bila kikomo. Hayne Leland wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliliweka jambo hili kwenye hesabu mwaka 1985. Alionyesha kwamba gharama za miamala zinaweza kuingizwa ndani ya mtikisiko wenyewe: anayenunua opsheni ahesabu kana kwamba hisa inatikisika kidogo kuliko inavyotikisika kweli, na anayeuza ahesabu kana kwamba inatikisika zaidi. Marekebisho hayo hukua kadiri pengo la bei linavyopanuka na kadiri muda kati ya kinga moja na nyingine unavyofupishwa. Ukiufupisha muda mno, marekebisho yanaumeza mtikisiko wote. Ile kinga ya mfululizo ya mwaka 1973, mtu akijaribu kuifanya kwa pesa halisi, inagharimu kiasi kisicho na mwisho.

Basi afanyeje? Njia ninayoiona kuwa ya busara zaidi ni kuacha kukinga kwa saa na kukinga kwa ukanda. Unaweka mpaka juu na chini ya delta sifuri, na hufanyi lolote hadi mpaka uvukwe. Stewart Hodges na Anthony Neuberger waliifungua njia hiyo mwaka 1989, na mwaka 1997 Elizabeth Whalley na Paul Wilmott wakatoa kanuni nyepesi ya upana wa ukanda. Upana huo hukua kwa kipeo cha tatu cha gharama: gharama ikiwa mara nane, ukanda unapanuka mara mbili tu. Kwa mtu wa kawaida ujumbe wake ni kwamba hata gharama ndogo sana inadai ukanda ambao si mwembamba hata kidogo.

Tuseme anachagua ukanda wa dola 3, sawa na hisa 129 hivi. Hisa ya mtikisiko wa 35 itauvuka kama mara 11 kwa mwezi. Kila kinga inagharimu kama dola 3.58, jumla dola 40 hivi, na kila mvuko unaleta mavuno ya kama dola 193 kabla ya theta.

Kuna faida nyingine katika ukanda ambayo sioni ikitiliwa mkazo wa kutosha. Mwenye gama huuza bei inapopanda na kununua inaposhuka, yaani anawapa wengine kile wanachokikimbilia. Hana sababu ya kufukuza bei. Anaweza kuacha oda ya kuuza hisa 129 kwa dola 103 na ya kununua 129 kwa dola 97, kisha akasubiri afuatwe. Hapo pengo la bei halilipi yeye. Mara nyingi hulipwa yeye. Oda hiyo ina hatari zake: bei inaweza kuigusa 103 na kugeuka kabla hajafikiwa kwenye foleni, au hisa ikafungua asubuhi kwa 106, akauza 129 wakati delta inadai auze karibu mara mbili yake. Bado ni nafuu kuliko kununua kwa bei yoyote iliyopo sokoni.

Aliyeuza opsheni yuko upande mbaya wa jambo hilohilo. Yeye hulazimika kununua bei inapopanda na kuuza inaposhuka, pamoja na kila mtu, na gharama humpanda wakati anapouhitaji muamala zaidi. Leland mwenyewe alikuwa mmoja wa waanzilishi wa kampuni iliyouza kinga ya uwekezaji ya namna hiyo, iliyotegemea kuuza kadiri soko linavyoshuka. Tarehe 19 Oktoba 1987 fahirisi ya Dow Jones ilianguka kwa asilimia 22.6 kwa siku moja, na waliotegemea kuuza njiani hawakupata bei walizozipiga hesabu. Pengo la senti 4 ni la siku tulivu; siku ya tufani ni jingine kabisa.

Gharama nazo zikidhibitiwa, kunabaki na mambo mawili ambayo mfanyabiashara anapaswa kuyaweka wazi. La kwanza ni kwamba gama haikai. Hisa yetu ikipanda hadi dola 115 wiki ya kwanza na kubaki huko ikiyumbayumba, gama ya hisa 43 inashuka hadi kama 9 kwa dola. Itikisike kwa 40 kuanzia hapo, mavuno yatakuwa kidogo. Mtikisiko unahesabika pale tu bei inapokuwa karibu na bei ya mkataba.

La pili ni lile kadirio la 35. Limetoka wapi? Kama limetoka kwenye bei za siku 21 zilizopita, kosa la kawaida la kipimo chenyewe ni zaidi ya pointi 5. Hata ukitumia mwaka mzima ni kama pointi moja na nusu. Anayesema ana nafasi ya pointi tatu kwa kutazama mwezi mmoja uliopita, anazungumzia namba ndogo kuliko kosa la rula yake.

Kujua ni kipi kinakula pesa, daftari la kila siku linatosha. Andika mavuno ya gama ya siku hiyo kwa kanuni ile ya juu, theta iliyolipwa, badiliko la thamani kutokana na bei ya opsheni sokoni, na gharama zote za miamala, kila kimoja kwenye safu yake. Mwezi ukiisha, kama gama imeishinda theta lakini akaunti imepungua, gharama ndizo zilizokula na dawa ni ukanda mpana zaidi au hisa yenye pengo dogo zaidi. Kama gama imeshindwa na theta kabla ya gharama, tatizo ni kadirio la mtikisiko, na hakuna ufundi wa kukinga utakaoliponya. Wanaochanganya safu hizi hubadilisha kitu kisichohusika, mara nyingi kwa kukinga zaidi.

Kwa wasomaji wa Kenya, soko la NEXT lililozinduliwa na Soko la Hisa la Nairobi mwaka 2019 lilianza na mikataba ya fyucha. Fyucha ina delta lakini haina gama, kwa hiyo hakuna cha kuvuna humo kwa njia hii. Anayetaka kuifanya kazi hii katika masoko ya nje hununua opsheni kwa madalali wenye ada zao za chini kwa kila oda, na ada hizo humuumiza mwenye mtaji mdogo kuliko mwenye mtaji mkubwa.

Kabla ya kununua, basi, geuza kila gharama iwe pointi za mtikisiko na uitoe kwenye nafasi yako. Chukua hisa nyingine ya dola 100, yenye mtikisiko uleule na utabiri uleule wa pointi tatu, ila isiyouzwa sana: pengo la hisa ni senti 20 na la opsheni ni senti 60. Kununua mikataba 10 kunakula dola 300 za pengo na 6.50 za ada, na kuuza hisa 518 za mwanzo kunakula dola 53. Jumla ni kama dola 359, dhidi ya nafasi ya 345, na hata kinga ya jioni ya kwanza haijafanyika. Biashara hiyo haifai kufunguliwa, hata kama utabiri wa mtikisiko ni sahihi.